Mkono wa Kulia wa Miwani ya Titani

Wifi yangu aliingia dukani Jumatano saa nne asubuhi, unga kwenye viwiko na kitambaa kimemshuka mpaka kwenye nyusi. Hata salamu hakutoa.

"Wifi, nitazame," alisema, akaivua miwani na kukisukuma kitambaa nyuma.

Nikamtazama. Upande wa kulia wa uso, kuanzia pembeni mwa jicho hadi karibu na sikio, ngozi ilikuwa imeota vipele, mahali pengine imechubuka, pengine imefanya magamba. Ulikuwa mstari hasa, mwembamba na mrefu, kama mtu aliyelalia ukingo wa trei.

"Umegombana na paka?"

"Nimegombana na bekari nzima. Wanasema ni mapunye. Kikombe changu wamekitenga, taulo langu wamelitenga, na jana bosi kaniambia Ijumaa bwana afya anakuja kutukagua. Akinikuta na uso huu, tanuri anampa mtu mwingine."

Sikucheka tena. Wifi yangu ni dada mkubwa wa mume wangu, na tangu niolewe hatujawahi kukubaliana juu ya jambo lolote, kuanzia majina ya watoto hadi kiasi cha chumvi kwenye maharage. Lakini lile tanuri nalijua maana yake. Amelisimamia miaka kumi na tisa. Anaweka kiganja mlangoni na kukwambia kama mikate imebakiza dakika mbili au tatu. Kumtoa pale na kumpeleka kufunga mikate kwenye mifuko ni kumzeesha kwa siku moja.

Mimi kazi yangu ni fremu. Shemeji yangu, ambaye ni mdogo wao wa mwisho, ndiye anayepima macho kwenye chumba cha ndani chenye giza. Mimi nakaa nje kwenye mwanga, mbele ya kioo, na bisibisi zangu, koleo zangu na mashine ya kupuliza hewa ya moto. Yeye huwaambia watu wanaona nini. Mimi huwaambia wataonekanaje, na wengi hunisikiliza mimi zaidi.

"Ni ile aleji yako," nilisema. "Umevaa hereni gani?"

"Sivai hereni tangu mwaka ule, unajua."

Kweli najua, maana ni mimi niliyeigundua hiyo aleji. Miaka kadhaa iliyopita alivaa fremu ya chuma ya kawaida, ile rahisi kuliko zote dukani, na ndani ya miezi mitatu pua na pembe za macho zikawa nyekundu. Nikamuuliza kuhusu saa ya mkononi, hereni na kifungo cha suruali, na kote huko alikuwa na kovu. Ni nikeli. Fremu nyingi za chuma zina nikeli ndani yake, na juu wanazipaka rangi au kuziosha kwa madini mengine. Rangi ikiwa nzima, amani. Jasho likishaila rangi, ngozi ya mtu mwenye mzio inagusana na nikeli uso kwa uso, na hapo ndipo vita vinapoanza.

Tukahamia kwenye asetati. Asetati ni ile plastiki nzito ya kupendeza, inayotengenezwa kwa nyuzi za pamba na miti, na ni nadra kumdhuru mtu ngozi. Bei yake haitishi. Kasoro yake ni kwamba inalegea kwa joto, na kwangu hiyo si kasoro, ni urahisi wa kazi: naipulizia hewa ya moto, inakuwa laini, naikunja ikubali sikio la mteja. Lakini mtu anayeinama mbele ya tanuri mara mia kwa siku, tanuri linamkunjia bila kumwuliza. Miwani ya wifi ilipanuka mikono kama miguu ya chura. Kila wiki alikuja niibane, na kila wiki ikamteleza puani kwa jasho. Baada ya mwaka ikaanza kuwa na ukungu mweupe pale jasho linapokaa. Siku ilipotumbukia kwenye mashine ya kukandia unga, tukaizika.

Ndipo alipojibana miezi minane akanunua titani. Titani safi haina nikeli hata chembe, haishiki kutu, jasho hailijui, na ni nyepesi hivyo kwamba watu hunirudia dukani kulalamika kwamba wameisahau nyumbani, kumbe wameivaa. Ila bei! Kwa bei ya titani moja unaondoka na fremu nne za chuma cha kawaida. Wifi alinunua ya kijivu, na kwa miaka miwili uso wake ukawa laini.

Kwa hiyo Jumatano ile sikuwa na wasiwasi wowote juu ya miwani, na nilimwambia hivyo, kwa sauti ya juu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Si miwani. Hiyo ni titani, imepigwa muhuri kwa ndani, soma mwenyewe. Umebadilisha sabuni?"

"Sijabadilisha."

"Mafuta ya nywele? Rangi? Najua unapaka rangi, usinifiche, kichwa cha miaka yako hakiwezi kuwa cheusi hivyo kwa uwezo wake."

"Wifi, sikuja kutukanwa. Nina wiki sita napakwa dawa ya fangasi. Haisaidii chochote."

"Basi rudi kwa daktari wa ngozi ukamwambie ukweli kuhusu hiyo rangi."

Shemeji akatoa kichwa mlangoni mwa chumba chake cha giza. Ni mtu mpole, na upole wake hunikera kwa sababu mara nyingi huwa umebeba jambo la maana.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Kwa nini usiipime tu, shemeji? Dawa ipo."

"Nipime titani? Nipime na maji kama yamelowa?"

"Pima. Ukishinda, umeshinda."

Dawa yenyewe ni vichupa viwili tunavyoviweka kwenye droo ya chini. Unadondosha tone la hiki na tone la kile kwenye pamba, inanuka kama kinyesi cha kuku, kisha unasugua chuma unachokishuku kwa nusu dakika. Pamba ikibaki nyeupe, hakuna nikeli inayotoka. Ikiwa ya waridi, umempata mwizi.

Nilianza na mzunguko wa vioo. Nikasugua mbele, nyuma, na daraja la puani. Nyeupe. Nikachukua pamba nyingine, nikasugua mkono wa kushoto kutoka kwenye bawaba hadi pale kifuniko cha plastiki kinapoanza nyuma ya sikio. Nyeupe pe. Nikaiinua ile pamba na kuwaonyesha wote wawili, na nakiri nilikuwa natabasamu.

"Mmeona? Muhuri haudanganyi."

"Kidonda changu kiko kulia," wifi alisema.

"Mkono wa kulia na wa kushoto ni mapacha, wifi."

"Pima."

Nikatia matone kwenye pamba ya tatu, nikasugua mkono wa kulia huku nikimtazama yeye na si pamba. Nikamwona anavyobadilika macho. Nikashusha yangu. Pamba ilikuwa ya waridi, waridi lenyewe, lile la kucha za bibi harusi.

Mashine ya hewa ya moto, niliyokuwa nimeisahau, ilikuwa inapuliza peke yake mezani, na niliizima ili niwe na jambo la kufanya. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshakumbuka kila kitu.

Miezi mitatu iliyopita wifi alikuja na miwani yenye mkono mmoja. Iliangushwa, na toroli la trei likaupitia ule wa kulia hadi ukakatika kwenye bawaba. Titani huiungi kwa moto wa kawaida kama bangili. Inahitaji mashine maalumu ambayo sisi hatuna. Kuagiza mkono mpya ni wiki sita au zaidi, na yeye bila miwani haoni kipimajoto cha tanuri. Nikafungua droo yangu ya vipuri. Kila fundi wa fremu ana droo kama hiyo: mikono, vioo, skrubu, mabaki ya miwani ya watu waliohama na waliokufa. Nikatafuta, nikapata mkono wa kijivu, urefu uleule, bawaba ileile, hata mng'ao uleule. Na kwa kuwa najua aleji yake, nilifanya uangalifu. Niliugusisha sumaku. Sumaku ikakaa kimya, nikaridhika, nikaufunga.

Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo mtu asiye fundi asingeweza kulifanya, maana asingekuwa hata na hiyo sumaku ya kumtia kiburi. Fremu nyingi za chuma zimetengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli, na mchanganyiko huo sumaku haiushiki kabisa. Sumaku ingenyamaza kwenye titani, na ilinyamaza vilevile kwenye mchanganyiko huo wa nikeli. Kama ningeuweka ule mkono kwenye kiganja changu cha kulia na ule wa titani kwenye cha kushoto, uzito wenyewe ungeniambia. Sikuweka. Rangi yake ikamlinda wifi kama wiki sita hivi, kisha jasho likaila.

"Ni ule niliokuwekea mimi," nilisema.

Nilingoja matusi. Nilistahili kutukanwa na nilikuwa tayari kujibu, maana mimi nikikosea huwa mkali zaidi. Lakini wifi alivuta kiti akakaa.

"Daktari wa ngozi aliniuliza," alisema. "Mara ya kwanza kabisa. Kaniuliza, mama, hiyo miwani ni ya nini, nimpelekee aipime. Nikamwambia miwani achana nayo. Miwani kanitengenezea wifi yangu, na wifi yangu hakosei."

Afadhali angenipiga. Miaka yote hiyo mbele yangu hajawahi kunisifu hata kwa chai, kumbe nyuma yangu alikuwa ananisifu kwa madaktari, na sifa yenyewe ndiyo iliyomweka kwenye dawa ya fangasi wiki sita.

Shemeji akakohoa. "Sasa tufanyeje? Tunayo ile fleksi mpya."

Fleksi tulikuwa nayo kweli, na inavutia. Ni ile fremu unayoweza kuizungusha kidoleni nayo ikarudi umbo lake. Muuzaji wa jumla aliyetuletea aliifunga karibu fundo mbele yetu, akaiachia, ikaruka ikanyooka, naye akatabasamu. Bei yake iko kati ya asetati na titani. Kwa mwenye wajukuu wanaovuta miwani, au mtu anayelala nayo, ndiyo yenyewe, ingawa mimi hunisumbua, maana kitu kinachokumbuka umbo lake hakikubali kirahisi umbo la sikio la mtu. Na kwenye karatasi ya bei imeandikwa titani.

"Imeandikwa titani, lakini nusu yake ni nikeli," nilisema. "Na nusu nzima, si chembe. Sawa, ikiwa mpya inaweza kupimwa ikatoka nyeupe. Ikichunika je? Simpi. Nimeshamdanganya mara moja kwa kutojua, sitamdanganya mara ya pili kwa kujua."

Nikaenda kwenye kabati la kioo. Palikuwa na fremu moja ya modeli ileile ya wifi, titani safi, ila ya kahawia. Ndiyo iliyokuwa ghali kuliko zote mle ndani. Tuliiweka juu kabisa, na taa yake peke yake. Nikaishusha, nikachukua bisibisi, nikaanza kufungua skrubu ya mkono wa kulia.

"Shemeji," alisema shemeji kwa upole wake. "Ukiung'oa huo, hiyo haiuziki tena."

"Itauzika siku mkono mwingine utakapofika. Andika kwa jina langu."

Nikaupima ule mkono wa kahawia. Nyeupe. Nikapima skrubu. Nyeupe. Nikapima vijiti vinavyoshika vipande laini vya puani, ingawa pua ya wifi haikuwa na kitu. Nyeupe, nyeupe. Kisha nikaufunga, nikamvalisha mwenyewe, nikakagua nyuma ya masikio kama mama anayemkagua mtoto wa shule.

"Kushoto kijivu, kulia kahawia," wifi alisema mbele ya kioo. "Nimekuwa mbuzi wa madoa."

"Mbuzi mzima."

"Asante. Lakini keshokutwa ni Ijumaa, na kidonda hiki hakijui kwamba umebadilisha mkono."

Alisema kweli. Ngozi iliyokasirika namna ile inataka wiki mbili au tatu kutulia. Bwana afya angeuona mstari ule ule, na bekari nzima ingesimama nyuma yake ikisema mapunye.

Ijumaa nilifunga vichupa vyangu viwili kwenye mkoba, nikachukua na ule mkono mbaya, nikaenda bekari. Sikumwambia wifi kwamba naenda. Njiani nilirudi nyuma mara mbili, nasema ukweli. Mtaa wetu una maduka matatu ya miwani, na fundi anayesimama mbele za watu na kusema nimekosea ni sawa na mpishi anayetangaza kuwa ameona nywele kwenye chungu chake.

Nikawakuta wote wamesimama karibu na tanuri: bwana afya na ubao wake wa kuandikia, bosi kifua mbele, wakandaji wawili kando, na wifi katikati ameinamisha uso. Bosi alikuwa anasema kwamba yeye hana neno na mama huyu, ila afya ya wateja kwanza.

"Samahani," nilisema. "Hiyo si mapunye. Hiyo ni kazi yangu."

Nikaomba meza. Nikaondoa trei moja, nikatandaza karatasi, nikawaeleza: chuma cha kawaida kina nini, titani ina nini, droo yangu ina nini, sumaku ilisema nini na kwa nini haikupaswa kuaminiwa. Nikausugua ule mkono mbaya mbele yao. Pamba ikawa ya waridi, wakandaji wakasogea kutazama. Nikauweka kando ya shavu la wifi bila kumgusa. Ulilingana na kidonda mwanzo mpaka mwisho, ukiishia pale kifuniko cha plastiki kinapoanza. Mapunye hayana rula.

"Kidonda hakiambukizi?" aliuliza bwana afya.

"Mkono huu unamwambukiza mtu mwenye mzio atakayeuvaa. Mwingine yeyote, hapana."

Bwana afya akaikagua ngozi kwa tochi, akasoma kadi ya daktari, akaandika. Kisha akasema kidonda kifunikwe na plasta ya buluu ya jikoni, ile inayoonekana haraka ikianguka kwenye unga, apate cheti cha daktari wa ngozi ndani ya wiki, na kazi iendelee. Mkandaji mmoja, yule mrefu, aliondoka, akarudi na kikombe cha wifi, akakitundika pamoja na vingine.

Bosi hakuwa ameridhika. Mtu aliyejiandaa kutoa hukumu hapendi kesi ifutwe. Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyemharibu."

"Ndiyo. Mimi."

"Na huo mkono mwingine wa kahawia, nani kauweka?"

"Mimi."

"Na nani kaupima?"

"Mimi," nilisema.

Bosi akamgeukia wifi. "Mama, mimi ningekuwa wewe ningeivua sasa hivi, nikatafute fundi anayejua kazi yake. Kuna duka pale kona."

Wifi aliivua kweli. Alinyoosha mkono akachukua pindo la aproni yake, na mimi nikaanza kukusanya vichupa vyangu, kwa sababu sikutaka kumwona akiniwekea ile miwani mkononi mbele ya watu wote wale. Alivipangusa vioo, kwanza kimoja, kisha kingine, bila haraka. Kisha akaivaa tena, akaikandamiza ikakaa sawasawa pale pale penye kidonda.

"Bosi," alisema, "fundi wa kule kona akikosea, atakuja hapa kuniambia?"

Wifi akaweka kiganja kwenye mlango wa tanuri, akasikiliza kidogo, akaniambia nisogee pembeni, mikate imeiva.